Samaki, Kicheko na Alama ya Kuuliza

Umejiunga na programu ya kutafuta mchumba, ukaweka picha uko ufukweni Mwanza, umeshika sato mkubwa huku unatabasamu. Jioni unaingia ujumbe wa kwanza kutoka kwa mtu usiyemjua: 🐟😂❓. Hakuna salamu wala jina. Umjibu nini?

Anza na picha zako mwenyewe. Mtu asiyewahi kuzungumza nawe hana cha kuzungumzia ila kile ulichokiweka hadharani. Samaki yule kamtoa kwenye picha yako, kwa hiyo ujumbe umeandikiwa wewe. Angetuma 👋😊, huenda ameshawatumia wengine wengi hivyohivyo asubuhi ile. Jiulize tu: ujumbe huu ungemfaa mtu mwingine yeyote? Kama ungemfaa, bado hajakuangalia vizuri.

Kisha fuata mpangilio. Mara nyingi emoji ya kwanza hutaja jambo, inayofuata huonyesha hisia, na ya mwisho husema anataka nini. Hapa tunapata samaki, utani, swali. Yaelekea anauliza: "Huyo umemvua mwenyewe kweli, au umemnunua?"

Lakini sura ndizo zenye utata. Mwaka 1999, Shigetaka Kurita alibuni emoji 176 za simu za kampuni ya NTT DoCoMo huko Japani. Leo kila kampuni huchora za kwake, hivyo uso uliotumwa unaweza kufika kwako na mdomo tofauti kidogo. Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota waligundua kwamba hata watu wanaotazama mchoro uleule walitofautiana karibu robo ya mara zote kama hisia yake ni njema, mbaya au ya kati. Umri nao una lake: vijana wengi hutuma 😭 wakiwa wanacheka.

Kwa hiyo usijibu kwa emoji tupu, maana mtakuwa wawili mnaokisia. Sema ulivyoelewa, jibu, kisha uliza kitu kinachohitaji maneno: "Kama nimekusoma vizuri, unauliza nani kamvua huyu sato. Sikumvua, nimemnunua Mwaloni! Wewe samaki unampenda wa kukaanga au wa kuchemsha?" Kama ulikosea kumwelewa, umempa nafasi ya kukusahihisha bila aibu.

Ujumbe wa 🍑 au 🍆 kwa mtu ambaye hajaweka picha ya tunda wala mboga hauna fumbo. Aghalabu ni maneno ya chumbani. Usipopendezwa, mzuie, wala huna deni la kumjibu.

Na yule wa samaki, ukishamwandikia sentensi tatu naye akarudisha 😂😂 peke yake, mwulize mara moja zaidi. Akirudia vilevile, tatizo si wewe kushindwa kusoma. Hana la kusema.