Umeme Ukirudi, Roboti Inakumbuka Nini?

Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani ilipokea oda ndogo 212 za hisa kutoka kwa wateja. Mfumo wake wa kompyuta ulipaswa kuzigawa oda hizo vipande vipande, kuvipeleka sokoni na kuacha pale idadi iliyoombwa inapotimia. Haukuacha. Kwa takribani dakika 45 ulifanya miamala zaidi ya milioni 4 katika hisa za aina 154, na hasara ikapita dola milioni 460.

Tume inayosimamia masoko ya hisa ya Marekani ilichunguza na kueleza chanzo chake. Seva moja kati ya nane haikuwekewa programu mpya, hivyo ikaamsha sehemu ya zamani iliyokuwa imelala kwa miaka mingi. Tena, mwaka 2005 mafundi walikuwa wameihamisha kazi ya kuhesabu hisa zilizokwisha kupatikana, wakaiweka mahali pengine ndani ya programu. Sehemu ile ya zamani ikawa haina namna ya kujua kwamba oda imeshatimia, ikaendelea kutuma nyingine na nyingine.

Mashine za Knight hazikuzimika. Hesabu yao ilikatika kwa njia nyingine. Lakini programu iliyopoteza hesabu yake hufanya yaleyale, iwe ya kampuni kubwa au ya kijana wa Mwanza anayeiendesha kwenye kompyuta ya mkononi iliyochoka betri. Kwa huyu wa pili njia ya kupoteza ni nyepesi mno: umeme unakatika, programu inawashwa upya, na kila kilichokuwa kwenye kumbukumbu ya muda kimefutika.

Tuchukue programu inayonunua sarafu ya kidijitali kila bei inaposhuka. Kila oda ni ya dola 50, na mwenyewe ameipa mpaka wa oda 5 kwa siku, yaani dola 250. Saa nne na robo asubuhi imeshatuma oda tatu. Inatuma ya nne, soko linaipokea, na kabla jibu halijarudi umeme unakatika. Ukirudi, programu inaanza na hesabu ya sifuri. Bei bado inashuka, nayo inatuma oda tano nyingine. Jumla sasa ni oda tisa, dola 450, na hakuna mstari hata mmoja wa programu uliokosewa. Kilichokosekana ni maandishi kwenye diski.

Wengi wakigundua hilo huongeza agizo la kuandika faili kila baada ya kutuma oda. Ni hatua nzuri, ila haitoshi. Kati ya kutuma na kuandika kuna mwanya, na oda ile ya nne ilianguka humohumo: soko linayo, diski haina. Ukigeuza, ukaandika kwanza ndipo utume, mwanya unahamia upande wa pili, kwa kuwa diski inaweza kuwa na oda ambayo haikufika sokoni.

Njia inayofanya kazi ni kuandika mara mbili, na kuipa kila oda jina kabla haijaondoka. Programu yenyewe inatunga jina, tuseme `2025-03-10-04`, kwa maana ya oda ya nne ya siku hiyo. Inaandika kwenye diski kwamba oda hiyo "inatumwa", na hesabu ya siku inapanda palepale. Kisha inaituma ikiwa na jina lake. Jibu likija, inaandika "imepokelewa". Masoko mengi yanakubali jina la mteja. Kwenye Binance, kwa mfano, huwekwa katika sehemu iitwayo `newClientOrderId`.

Programu ikiwashwa upya, kabla ya kutazama bei yoyote, inasoma faili na kutafuta oda zilizobaki na neno "inatumwa". Kwa kila moja inaliuliza soko: mnayo oda yenye jina hili? Kama ipo, inachukua hali yake ilivyo huko, maana huenda imeshatimia yote, au nusu tu, wakati taa zimezimika. Kama haipo, inaifuta na kuirudisha hesabu chini.

Wapo wanaoruka swali hilo na kuituma tena oda kwa jina lilelile, wakitumaini soko litaikataa. Hapo ni hatari. Binance hukataa jina lililorudiwa pale tu oda ya kwanza ingali wazi; ikiwa imeshatimia, jina lilelile linakubaliwa na ununuzi wa pili unafanyika. Uliza kwanza.

Kuandika nako kuna mitego yake. Programu ikilifungua faili la zamani na kuanza kuandika juu yake, umeme ukikatika katikati, linabaki faili lililokatika, la zamani limepotea na jipya halijakamilika. Tena, Linux ikiambiwa "andika" huweka maneno kwenye kumbukumbu ya muda kwanza, na kwa kawaida inaweza kukaa nayo hata sekunde 30 kabla ya kuyashusha kwenye diski. Kwa Python, dawa ya yote mawili ni fupi:

```python
def hifadhi(hali):
    with open("hali.json.tmp", "w") as f:
        json.dump(hali, f)
        f.flush()
        os.fsync(f.fileno())
    os.replace("hali.json.tmp", "hali.json")
    d = os.open(".", os.O_RDONLY)
    os.fsync(d)
    os.close(d)
```

Faili jipya linaandikwa pembeni, `fsync` inalazimisha lishuke kwenye diski, kisha `os.replace` inalibadilisha na la zamani kwa mkupuo mmoja. Mistari mitatu ya mwisho inashusha na mabadiliko ya jina kwenye folda. Wengi huiacha, na umeme ukikatika wanaweza kukuta faili zima kabisa, ila ni la hatua iliyopita.

Wanaotumia MetaTrader 5 wana hifadhi ya namna hii ndani ya programu, kwa `GlobalVariableSet`. Hata hivyo thamani hizo huandikwa kwenye diski wakati MetaTrader inapofungwa kwa kawaida, hivyo kila hatua yahitaji kufuatwa na `GlobalVariablesFlush()`. Pia thamani isiyoguswa kwa wiki nne hufutwa.

Hesabu ya siku iandikwe pamoja na tarehe yake. Programu iliyozimika saa tano usiku na kuwaka alfajiri haina namna nyingine ya kujua kama ile nne ni ya leo au ya jana.

Jaribio ni rahisi na halina gharama, mradi lifanyike kwenye akaunti ya majaribio. Programu iuawe kwa `kill -9` mara tu baada ya kuandika "inatumwa", kisha mara tu baada ya kutuma, kisha kabla ya kuandika "imepokelewa". Kila mara iwashwe na oda zilizoko sokoni zilinganishwe na zilizoko kwenye faili. Jaribio hilo halipimi `fsync`, kwa sababu Linux yenyewe inabaki hai na itashusha maandishi baadaye. Kwa hilo lazima mashine ichomolewe umeme kweli.

Na faili likikosekana au likigoma kusomeka, programu isijianzishe na sifuri. Isimame, imwite mwenye fedha zake.