Kufuli lisiloonekana kwenye kompyuta ya mtumba

Kompyuta mpakato nyingi aina ya Dell Latitude zinazouzwa mitumba ziliwahi kuwa mali ya kampuni. Namba ya mfululizo, ambayo Dell huiita Service Tag, ina herufi na tarakimu 7 na hubandikwa chini ya mashine. Kibandiko hubadilishwa kirahisi, kwa hiyo namba hiyo hulinganishwa na iliyomo ndani, kwa amri hii ya PowerShell:

```
(Get-CimInstance Win32_BIOS).SerialNumber
```

Zikitofautiana, huenda ni ganda au ubao mama uliobadilishwa tu, muuzaji aeleze. Risiti nayo iwe na namba hiyohiyo. Risiti iliyoandikwa “laptop moja” haithibitishi chochote.

Kinachowaponza wengi ni usajili wa Windows Autopilot. Alama za vifaa vya mashine huhifadhiwa kwenye seva za Microsoft, si kwenye diski, hivyo kupiga Windows upya hakuzifuti. Fundi akiisimika bila intaneti, mashine hufanya kazi vizuri hadi siku itakapofutwa na kuanzishwa ikiwa mtandaoni.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, Windows hurudishwa mwanzo mbele ya muuzaji kwa Reset this PC, kisha simu huwashwa hotspot. Mashine huru huomba akaunti yoyote. Iliyosajiliwa kwa kawaida huonyesha jina la kampuni na kudai barua pepe ya kazini. Hapo kampuni yenyewe, au Microsoft ikithibitishiwa umiliki, ndiyo iondoe usajili.