Ujumbe Umefika, Jibu Limepotea

Mwanafunzi wa mitandao akiandika programu mbili za UDP, moja ya kutuma na nyingine ya kupokea, kisha akaziendesha kwenye kompyuta moja, mara nyingi haoni tatizo. Pakiti zote zinafika, tena kwa zamu. Lakini UDP, ambayo Jon Postel aliiandikia kanuni mwaka 1980, haikuahidi lolote kati ya hayo mawili. Kwa hiyo mtandao huharibiwa kwa makusudi. Kwenye Linux amri ni hii:

```
sudo tc qdisc add dev lo root netem delay 50ms 20ms loss 10%
```

Sasa kila pakiti inacheleweshwa kati ya milisekunde 30 na 70, na takriban moja katika kila kumi inadondoshwa.

Mtumaji anaweka namba mwanzoni mwa kila ujumbe na kutuma mmoja kila baada ya milisekunde 5. Mpokeaji anaona, kwa mfano, 4, 6, 5, 9, 7. Namba 8 iko wapi? Anayeihesabu papo hapo kuwa imepotea huenda akaiona ikijitokeza baada ya 11. Pengo peke yake si ushahidi wa hasara. Mtumaji akipunguza kasi, akatuma kila baada ya milisekunde 100, vurugu ya zamu inakwisha, kwa sababu ucheleweshaji hautofautiani kwa zaidi ya milisekunde 40. Upotevu unabaki vile vile.

Dawa ya kwanza ni uthibitisho: mpokeaji anarudisha namba aliyoipata, na mtumaji asipoiona ndani ya milisekunde 200 anatuma tena. Hapa ndipo penye utamu wa zoezi zima. Amri ile inaathiri njia zote mbili, hivyo majibu nayo hupotea. Katika kila ujumbe 100, takriban 10 hupotea kwenda, na majibu 9 hupotea kurudi. Kwa mtumaji hali hizo mbili ni moja: kimya. Anarudia, na skrini ya mpokeaji inaandika 12, kisha 12 tena. Kama ujumbe huo ungekuwa agizo la malipo, mteja angekatwa mara mbili.

Basi mpokeaji akumbuke namba ya mwisho aliyoishughulikia. Ikija tena aitupe, ila uthibitisho autume upya. Akinyamaza, mtumaji ataendelea kurudia bila kikomo.

Muda wa kungoja nao una hesabu yake. Kwenda na kurudi huchukua milisekunde 60 hadi 140. Anayeweka 100 atarudia ujumbe ambao jibu lake limo njiani, karibu nusu ya safari zote.

Gharama ya utaratibu huu ni kasi: kutoka ujumbe 200 kwa sekunde hadi chini ya 10, maana kila mmoja unangoja jibu la uliotangulia. TCP huikwepa gharama hiyo kwa kuruhusu pakiti nyingi ziwe njiani kwa pamoja.