Barua ya kuacha biashara ya kahawa mikononi mwa mwenzako

Bei ya kahawa ya arabika inayoongoza biashara duniani hupangwa katika soko la New York, kwa senti za dola kwa kila pauni. Mkataba mmoja ni pauni 37,500, yaani tani 17 hivi, kwa hiyo senti moja ikipanda au kushuka ni dola 375. Anayesafiri akiwa na mkataba ulio wazi hawezi kumwambia mwenzake "niangalizie" tu. Lazima aandike.

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa Moshi anayesafiri wiki moja mwishoni mwa Septemba. Bei ni za mfano, lakini hesabu ndiyo yenyewe. Barua yake yaweza kusomeka hivi:

> Dada, nimenunua mkataba 1 wa Desemba kwa 250. Stopu iko 240, lengo ni 275. Oda zote mbili ziko sokoni tayari, ni GTC, na zimeunganishwa kwa OCO.
>
> Nilinunua kwa sababu Minas Gerais ni kukavu na mikahawa inakaribia kuchanua. Mara tatu bei imeshuka hadi 243 na wanunuzi wakairudisha juu. Ikifika 240, wanunuzi hao wameshindwa.
>
> Soko likifunga juu ya 262, pandisha stopu iwe 250. Mvua ya kutosha ikienea Minas Gerais, funga biashara hata kama stopu haijaguswa. Usiongeze mkataba, wala usishushe stopu. Nikikosekana kwenye simu, fuata haya bila kunisubiri.

Barua ni fupi, lakini kila sentensi ina kazi. Kutoka 250 hadi 240 ni senti 10, yaani dola 3,750. Hiyo ndiyo hasara aliyoikubali. Faida anayoitazamia ni senti 25, dola 9,375. Mwenzake akijua hesabu hizo, hatashtuka bei ikishuka hadi 244 akafunga kwa hofu.

Sababu ya stopu kuwa 240 ina uzito kuliko namba yenyewe. Anayeijua namba bila sababu, bei ikikaribia, hushawishika kuisogeza chini kidogo "ipate nafasi". Anayejua kwamba 243 ndipo wanunuzi walipokuwa wakitetea bei anaelewa kwamba chini ya hapo hakuna kilichobaki cha kungojea. Vivyo hivyo kwa mvua: ukame ukiisha, sababu ya kununua imekwisha, na hakuna haja ya kusubiri hasara ikamilike.

Maneno GTC na OCO yanaonekana kwenye skrini ya oda, na hapo ndipo makosa mengi hutokea. GTC ni oda inayobaki hadi ifutwe. Oda ya siku moja hufa soko likifunga, na kesho yake biashara inaamka bila kinga. OCO hufanya oda moja ikitimia nyingine ijifute. Bila hiyo, tuseme lengo la 275 limefikiwa na mkataba umeuzwa, lakini stopu ya 240 imesahaulika. Wiki mbili baadaye bei ikianguka, stopu hiyo itauza mkataba ambao hamna, nanyi mtajikuta mnadaiwa kahawa. Dalili ni rahisi kuiona: nafasi iliyo wazi ni sifuri, lakini orodha ya oda bado ina kitu.

Stopu nayo ina mpaka wake. Soko hili halifanyi kazi usiku kucha: kwa saa zetu, Septemba hufunguliwa saa tano na robo asubuhi na kufungwa saa mbili na nusu usiku. Mvua ikinyesha Brazili soko likiwa limefungwa, bei yaweza kufungua 236 moja kwa moja. Stopu ya kawaida ikishaguswa huuza kwa bei inayopatikana, si kwa 240. Hasara inakuwa senti 14, dola 5,250. Mwenzako aambiwe hili mapema, asije akadhani amekosea au akanunua tena ili kufidia.

Jambo la mwisho ni mamlaka. Usimwachie nenosiri lako. Mwandikishe kwa dalali kama mtu anayeruhusiwa kutoa oda kwenye akaunti hiyo, na mpe namba ya simu ya dawati la oda, kwa kuwa mtandao unaweza kukatika.

Kabla ya kuondoka, mwulize swali moja: "Soko likifungua 238, utafanya nini?" Jibu sahihi ni kwamba atahakikisha stopu imeuza, ataona kama oda ya 275 imejifuta, kisha atakuandikia bei iliyopatikana. Akijibu kwamba atasubiri aone kama bei itarudi, barua hiyo haijaeleweka. Kaeni muisome tena pamoja, au funga biashara kabla ya kusafiri.