Shaba Inavyomwondoa Naitrojeni

Mwaka 1884 mjini Zurich, Traugott Sandmeyer alikuwa akifanya kazi katika maabara ya Victor Meyer. Alitaka kutengeneza fenilasetilini, akachanganya chumvi ya diazo iliyotokana na anilini na kiwanja cha shaba na asetilini. Alichopata hakikuwa alichokitafuta. Kilikuwa klorobenzeni, yaani pete ya benzeni yenye atomu moja ya klorini. Alipochunguza chanzo chake, aligundua kwamba kazi yote ilifanywa na kloridi ya shaba iliyojitengeneza humo humo ndani ya chupa.

Ili kuona uzito wa jambo hilo, tuitazame anilini yenyewe. Ni pete ya kaboni sita iliyobeba naitrojeni yenye haidrojeni mbili. Naitrojeni hiyo imeishika pete barabara, na hakuna njia rahisi ya kuing'oa moja kwa moja na kuweka klorini mahali pake. Dawa yake aliigundua Peter Griess mwaka 1858: iongezee naitrojeni ya pili. Zikiwa mbili zimeshikana, ziko tayari kuondoka pamoja kama gesi, ile ile iliyojaa hewani. Chumvi ya diazo ndiyo hali hiyo ya kuwa tayari kuondoka.

Maabarani, gramu 9.3 za anilini huyeyushwa katika mililita 25 za asidi kali ya haidrokloriki iliyozimuliwa kwa maji, na chombo huwekwa ndani ya barafu. Kisha gramu 6.9 za naitraiti ya sodiamu zilizoyeyushwa katika maji hutiwa tone kwa tone, huku joto likibaki kati ya nyuzi 0 na 5 za sentigredi. Asidi haipimwi kwa ubahili. Sehemu yake huyeyusha anilini, sehemu huigeuza naitraiti kuwa asidi ya naitrasi, na inayobaki hulinda chumvi mpya. Ikipungua, anilini ambayo haijabadilika huungana na chumvi hiyo na kutoa mashapo ya manjano. Ili kujua kazi imekamilika, tone moja huguswa kwenye karatasi ya wanga na iodidi ya potasiamu. Ikigeuka buluu mara moja, asidi ya naitrasi imeanza kuzidi. Ziada hiyo huondolewa kwa urea kidogo. Mchanganyiko huu hutumiwa papo hapo ukiwa baridi, wala chumvi yake haikaushwi, kwa sababu ikiwa kavu inaweza kulipuka.

Kuanzia hapo, kinachotiwa ndicho kinachoamua kitakachotoka. Ukiumimina katika kloridi ya shaba iliyoyeyushwa kwenye asidi ya haidrokloriki, kisha ukaupasha moto taratibu hadi kama nyuzi 60, gesi hufurika kwa povu. Shaba huipa chumvi elektroni moja, naitrojeni hutoroka, na pete iliyoachwa wazi hunyakua klorini kutoka kwa shaba hiyo hiyo. Mvuke wa maji hubeba klorobenzeni, mafuta yanayozama chini ya maji na kuchemka kwenye nyuzi 132. Kwa bromini hutumika bromidi ya shaba pamoja na asidi ya haidrobromiki. Iodini haihitaji shaba: iodidi ya potasiamu inatosha, maana iodidi yenyewe hutoa elektroni kwa urahisi.

Kwa fenoli, maji ya moto yanatosha. Hapa wakemia huanza na asidi ya salfuriki badala ya ya haidrokloriki, ili kloridi isije ikapokonya nafasi ya maji. Tena chumvi humiminwa kidogo kidogo katika asidi inayochemka. Ikikaa kwa wingi pamoja na fenoli iliyokwisha kutokea, viwili hivyo huungana, na badala ya fenoli safi unabaki na lami nyekundu.

Nitrili hutokana na sianidi ya shaba, na hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi. Asidi yote iliyobaki lazima iondolewe kwanza kwa kabonati ya sodiamu, la sivyo sianidi hutoa gesi inayoua, hivyo kazi hufanyika ndani ya kabati la kuvuta hewa. Faida yake ni kwamba pete hupata kaboni ya saba. Ukiichemsha benzonitrili kwa asidi au alkali, unapata asidi ya benzoiki.

Kwa nini kupita njia ndefu hivyo, ilhali klorini inaweza kutiwa moja kwa moja kwenye pete? Jaribu kwa tolueni: klorini hukaa upande wa jirani na upande wa mkabala, na bidhaa hizo mbili huchemka kwenye nyuzi 159 na 162, kiasi kwamba kuzitenganisha kwa kukeneka ni shida. Lakini ukianza na toluidini ambayo naitrojeni yake iko upande wa mkabala, klorini hukaa pale pale naitrojeni ilipotoka, na hakuna cha kutenganisha.