Tende Ziliuzwa, Lakini Nani Aliziuza?

Mtu wa matangazo akimaliza kazi ya mteja, mara nyingi huiandikia makala: mteja alikuwa na shida gani, kilifanyika nini, matokeo yakawaje. Wasomi huiita uchunguzi kifani. Wateja wapya huisoma kabla ya kutoa fedha zao, na hapo ndipo chumvi inapoingia.

Tuchukue mfano wa kubuni. Duka la tende jijini Tanga liliuza kilo 120 Februari 2025. Machi likatangazwa redioni, likauza kilo 300. Mwandishi anaweka kichwa: “Mauzo yapanda kwa asilimia 150.” Hesabu haina kosa. Kosa ni kwamba Ramadhani ya mwaka huo ilianza mwanzoni mwa Machi, na katika mfungo tende hujiuza zenyewe.

Basi tulinganishe na Machi ya 2024? Hapo pia pana mtego. Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, na ile ya 2024 ilianza karibu na tarehe 12 Machi ikamalizikia Aprili. Inabidi kulinganisha mfungo na mfungo. Mwandishi anaomba daftari la mauzo, si kumbukumbu ya mwenye duka, na anakuta Ramadhani ya 2024 ziliuzwa kilo 250. Kwa kuwa mfungo wa 2025 ulichukua karibu Machi yote, ongezeko ni kilo 50, yaani asilimia 20.

Hata hizo 50 zina maswali. Bei ilipunguzwa? Duka la jirani lilifungwa? Tuseme lilifungwa kweli, wiki moja kabla ya tangazo. Hakuna anayeweza kujua ni wateja wangapi waliletwa na redio na wangapi walikosa pa kwenda, labda kama muuzaji alikuwa akiwauliza walikosikia habari za duka. Hakuwauliza. Jambo hilo liandikwe katika aya ileile yenye asilimia 20, lisifichwe mwishoni.

Kisha gharama, ambayo makala nyingi huiruka. Ikiwa kila kilo iliacha faida ya shilingi 3,000, kilo 50 zilileta 150,000. Tangazo liligharimu 200,000. Hata tukilipa redio sifa zote, msimu huo duka lilipoteza 50,000. Huenda wanunuzi wapya wakarudi mwakani, lakini hilo litaandikwa mwakani.

Rasimu apelekewe mwenye duka kabla ya kuchapishwa, maana takwimu ni zake. Akikataa faida yake ianikwe hadharani, ana haki. Zibaki kilo tu. Ila mwandishi naye hawezi tena kuandika kwamba tangazo lilimlipa mteja. Kichwa kitakachobaki ni cha kawaida mno: “Duka la tende lauza kilo 50 zaidi katika mfungo, jirani akiwa amefunga.” Mimi mteja mpya ningempigia simu mwandishi wa kichwa hicho.