Vitamini Zinazomwagwa na Maji ya Mchicha

Katika nyumba nyingi mboga za majani hupikwa kwa mpangilio mmoja. Majani hukatwakatwa, huoshwa, huchemshwa katika maji tele, hukamuliwa, na mwishowe hukaangwa kwa kitunguu na nyanya. Watu wakiambiwa kwamba mboga hupoteza vitamini jikoni, wengi huulaumu moto. Moto una sehemu yake, lakini hasara kubwa hutokea pale maji yanapomwagwa.

Vitamini za majani zina tabia mbili tofauti. Vitamini C na folati, ambayo ni mojawapo ya vitamini B na ndiyo inayohitajika sana kwa mama mjamzito, huyeyuka katika maji. Karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, haiyeyuki katika maji bali katika mafuta. Ndiyo ile ile inayoipa karoti rangi ya chungwa, na mchicha pia umejaa karotini, ila rangi yake imefunikwa na ukijani wa jani. Ukichemsha mchicha na kumwaga maji, karotini nyingi hubaki ndani ya mboga. Sehemu kubwa ya vitamini C na folati huondoka na maji.

Tuchukue mfano wa spinachi. Gramu 100 za majani mabichi huwa na takriban miligramu 28 za vitamini C. Ukipima gramu 100 za spinachi iliyochemshwa na kuchujwa, utakuta karibu miligramu 10. Hasara yenyewe ni kubwa kuliko namba hizo zinavyoonyesha, kwa sababu majani hunywea yakipikwa, na gramu 100 zilizoiva zimetoka katika majani mabichi mengi zaidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 45 kwa siku kwa mtu mzima, kwa hiyo upungufu huo si wa kupuuzwa, hasa kwa familia ambayo tunda haliingii mezani kila siku.

Vitamini C haina rangi, wala ukijani wa maji ya mboga haukuambii ni kiasi gani kimetoka. Lakini ipo njia ya kuiona, ambayo walimu wa kemia huitumia shuleni. Chemsha kijiko kimoja cha unga wa muhogo katika kikombe cha maji, acha upoe kabisa, kisha chukua maji kidogo ya juu uyachanganye na maji safi. Tia tone moja la dawa ya ayodini ya vidonda na mchanganyiko utageuka buluu iliyoiva. Sasa dondosha maji ya limau polepole. Buluu itapotea, kwa kuwa vitamini C huibadili ayodini hata isiweze tena kushikana na wanga. Rudia kwa maji ya mchicha uliyotaka kumwaga, ukihesabu matone. Hakikisha yamepoa, maana joto peke yake hufuta buluu hiyo na litakudanganya. Zipo kemikali nyingine za mboga zinazoweza kuifuta pia, kwa hiyo hiki si kipimo cha maabara. Na ukilinganisha maji ya sufuria iliyojaa na maji ya sufuria yenye kikombe kimoja tu, kumbuka kwamba maji mengi huonekana hafifu kwa sababu yamezimuliwa. Kinachokupa jibu ni jumla iliyotoka katika sufuria nzima.

Hasara huanza hata kabla ya jiko kuwashwa. Jani likikatwa, kuta za chembe zake hupasuka na kimeng'enya kilichotengwa humo hukutana na vitamini C mbele ya oksijeni ya hewa, kikaanza kuiharibu. Kadiri vipande vinavyokuwa vyembamba ndivyo kingo zilizo wazi zinavyozidi. Kenya, mama mboga humkatia mteja sukuma wiki nyembamba kama nyuzi na kumfungia, naye huenda kuipika jioni na kuiosha ikiwa imeshakatwa. Huduma hiyo ni msaada mkubwa kwa mtu anayetoka kazini amechoka, lakini kwa vitamini C ni hasara mara mbili: kwanza hewa, kisha maji ya kuoshea. Ni afadhali kuosha majani yakiwa mazima na kuyakata dakika chache kabla ya kupika.

Kimeng'enya hicho hufa kwa joto kali, ila katika maji ya vuguvugu hufanya kazi kwa bidii zaidi. Ndiyo maana mboga iliyotiwa katika maji baridi na kupashwa polepole hupoteza zaidi kuliko ile iliyotumbukizwa katika maji yanayotokota.

Mvuke huleta joto lile lile la maji yanayochemka bila kuizamisha mboga, hivyo vitamini huwa hazina pa kukimbilia. Huhitaji chombo maalumu. Chujio la bati juu ya sufuria yenye maji kidogo, lililofunikwa vizuri, linatosha. Mchicha ni mwepesi zaidi: majani yaliyooshwa yawekwe sufuriani na matone yaliyoyashika tu, yafunikwe, na baada ya dakika chache yatakuwa yameiva kwa maji yake yenyewe. Kwa Waganda hili ni jambo la zamani, kwani mboga kama dodo na nakati hufungwa katika majani ya mgomba na kuivishwa kwa mvuke pamoja na matoke.

Kukaanga kuna sifa mbaya kuliko kunavyostahili. Mafuta huwa ya moto kuliko maji, lakini jani lenye unyevu halipati joto lote hilo hadi maji yake yakauke. Likikaangwa upesi, bila kuchemshwa kwanza, hakuna maji ya kumwaga. Zaidi ya hapo, karotini haifyonzwi vizuri tumboni bila mafuta, na kijiko kimoja cha chai kwa kila mlaji kinatosha. Tui la nazi au karanga za kusaga hufanya kazi hiyo hiyo, na mawese mekundu ya Kigoma yana karotini yake yenyewe. Kosa ni kuyaacha majani juu ya moto mpaka yakauke na kuwa meusi, kwani hapo hata karotini huanza kuharibika.

Magadi nayo yanahitaji tahadhari. Hulainisha mrenda na kunde na kuziacha zikiwa na ukijani mzuri, lakini vitamini C na vitamini B1 haziwezi kustahimili magadi kwenye joto. Rangi nzuri hapo haina maana kwamba lishe imebaki. Ndimu hufanya kinyume: hufifisha ukijani, lakini ikikamuliwa mboga inapoepuliwa huongeza vitamini C na kuusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye majani.

Kuna mboga moja ambayo kanuni ya kupika kwa muda mfupi haiihusu. Kisamvu kina kemikali inayotoa sumu ya sianidi, na sumu hiyo huondoka kwa kutwanga majani vizuri kisha kuyachemsha kwa muda mrefu bila kufunika. Asijaribu mtu kukipika kwa mvuke kwa dakika 5 ili kuokoa vitamini C. Iache ipotee. Karotini na madini yatabaki, tui litaisaidia karotini kuingia mwilini, na vitamini C itapatikana kwenye kachumbari mbichi kando ya sahani.